Globu ya kwanza haili umeme: andalio la somo la saketi kwa betri za tochi, globu na waya wa kuokoteza

Walimu wenzangu wa fizikia, hapa naandika andalio la kipindi pacha, dakika 80, la saketi rahisi kwa kidato cha pili. Darasa ni la watoto sitini na kitu, maabara hamna, au ipo ila kabati limefungwa na funguo anayo mtu aliyehama. Andalio limejengwa juu ya kosa moja tu ambalo karibu kila mtoto analo kichwani, na watu wazima wengi pia wanalo, kwamba umeme unatoka kwenye betri unafika kwenye globu ya kwanza inaula, kinachobaki ndo kinaenda kwa globu ya pili. Ukilivunja hilo kipindi kimelipa, hata kama hujafika kwenye mahesabu.

Naanza na aibu yangu kwanza, maana andalio lote limetoka hapo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipanga mezani betri tatu kubwa na globu tatu kwa mfululizo nikawaita watoto wasogee. Nikafunga swichi. Ikawaka globu moja, ile ya upande wa chanya, zingine mbili giza kabisa. Kijana mmoja mbele akasema kwa sauti, "si unaona sir, hiyo ya kwanza imekula wote." Darasa likacheka na mimi nikakosa jibu, nikajitetea kwamba hizo mbili zimeungua. Akazichomoa, akaweka moja moja kwenye betri yake, zikawaka vizuri tu. Nilibaki nimeshika chaki.

Jibu nililipata usiku kwa kusoma maandishi madogo kwenye shingo za globu. Mbili zilikuwa 2.5V 0.3A, za tochi. Ile iliyowaka ilikuwa 6V 0.1A, ile ndogo ya taa ya nyuma ya baiskeli ya dainamo, nilikuwa nimezikoroga kwenye kopo moja. Hesabu yake nitaifanya mbele huko, kwa sasa shika hili: soma maandishi ya kwenye globu kabla ya kitu kingine chochote.

Vifaa, na wapi pa kuvipata

Tatizo la siku hizi ni globu. Tochi zote madukani ni za LED, na LED haifai kwa somo hili la kwanza. Ina upande, ukiigeuza haiwaki, na nyeupe inataka karibu volti 3 ndo ianze kufanya kazi, kwa hiyo betri moja ya 1.5V haiiwashi kabisa. Mtoto aliyeunganisha sawasawa anaona giza anadhani amekosea. Hiyo LED iweke kipindi cha mbeleni. Hapa tunataka zile globu za zamani zenye filamenti, za kukaza kwa meno ya skrubu. Bado zipo, uliza maduka ya spea za baiskeli, wauza vitu vidogovidogo gulioni, au ukiwa Dar zunguka Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Omba za 2.5V 0.3A na zote ziwe za aina moja kutoka boksi moja. Globu za indiketa ya pikipiki usichukue, zile ni za volti 12, kwa betri mbili haziwaki vizuri.

Betri chukua zile kubwa za tochi, za 1.5V, za kawaida za bei ya chini. Ndogo za rimoti zinafanya kazi ila globu ya 0.3A inazichosha upesi sana, somo likiwa katikati mwanga unashuka na watoto wanaanza kutafsiri uchovu wa betri kama sheria ya fizikia. Zile za alkali za bei kubwa mi siziweki mikononi mwa wanafunzi siku ya kwanza, kwa sababu zikipigwa shoti zinatoa mkondo mkubwa zaidi na zinapata moto haraka. Betri za simu, za laptop, za pikipiki na za sola ni marufuku mezani, hata kama mtoto ameileta kwa nia njema kutoka nyumbani. Betri ya pikipiki ikipigwa shoti na waya mwembamba, waya unakuwa mwekundu mkononi mwa mtoto. Na ukutani kwenye soketi hakuguswi, liseme mwanzoni na useme sababu: hapa mezani ni volti 3, kule ni 230.

Waya ndo rahisi. Mafundi wanaofunga intaneti na simu wanatupa vipande vya kebo yenye nyaya nane ndani, za shaba ngumu, kila moja ina rangi yake, ukipata mita mbili tu za hiyo kebo una mita 16 za waya. Waya wa spika nao mzuri. Fundi wa kusuka mota na feni atakupa waya wa shaba unaong'aa bure, ila huo una mtego: ule mng'ao ni vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Unaonekana mtupu kumbe umevaa. Lazima ukwangue ncha kwa wembe au msasa mpaka rangi ibadilike iwe ya waridi kidogo.

Kwa watoto 60 natengeneza makundi 12 ya watu watano. Kila kundi betri mbili, globu mbili, vipande vinne vya waya vya sentimita 25 vilivyomenywa sentimita mbili kila ncha. Jumla betri 24, globu 24 na za akiba sita, waya mita 12. Globu 6V 0.1A za taa ya nyuma ya baiskeli tafuta hata mbili tatu tu, hizo ni zako mwalimu na zikae kwenye bahasha tofauti. Ukikosa hela ya yote, fanya makundi sita na uwagawe darasa nusu kwa nusu, nusu wanachora wakati wenzao wanaunganisha. Ila usishushe globu kuwa moja kwa kundi, maana kiini cha somo kinahitaji mbili.

Usiku wa kuamkia somo

Hapa ndo kipindi kinapokufa au kupona. Kaa chini ujaribu kila globu na kila betri wewe mwenyewe. Betri usiipime kwa multimita peke yake, betri iliyochoka inaweza kukuonesha 1.3V ikiwa haina mzigo halafu ukiiwekea globu inazimika. Chukua globu moja iwe ndo kipimo chako, iguse kwenye kila betri uangalie mwanga, zile hafifu zitenge.

Halafu usipime omu za globu kwa multimita ukashtuka. Globu ya 2.5V 0.3A kwa hesabu ina kama omu 8, lakini multimita itakwambia omu 1 hivi. Multimita haijaharibika, filamenti ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana, ikiwaka inapanda mara kadhaa. Hesabu ya omu 8 ni ya globu inayowaka kwa nguvu yake yote.

Soketi za globu mi sinunui. Nachukua kibanio cha mbao cha kuanikia nguo, nazungusha waya uliomenywa kwenye meno ya skrubu ya globu raundi moja na nusu, nakaza kwa kuusokota, kisha naibana shingo na kibanio. Kwa chini, kwenye kile kitone cha katikati, nakunja waya wa pili uwe kama konokono mdogo, nauweka juu ya boksi gumu naubandika na soltepu pembeni, globu inaukalia. Kishikio cha betri mbili ni karatasi gumu lililozungushwa kama bomba, betri zinaingia kwa kufuatana, chanya ya moja inagusa hasi ya nyingine, na mpira wa manati au kipande cha tyubu ya baiskeli kinabana waya ncha zote mbili. Soltepu peke yake kwenye ncha ya betri inaachia baada ya dakika kumi, hilo nimelipima kwa machozi. Swichi ni klipu ya karatasi na pini mbili za ubao kwenye boksi, lakini pini za kichwa cha plastiki au rangi hazifai, rangi inazuia.

Dakika 15 za kwanza: chora kabla ya kushika

Ukigawa vifaa mwanzoni umepoteza darasa. Shika betri moja, globu moja na kipande kimoja cha waya uwaoneshe, halafu waambie kila mtu achore kwenye daftari jinsi atakavyoiwasha kwa vitu hivyo vitatu tu. Waya mmoja. Bila kuuliza jirani. Wape dakika tano ukizunguka kimya.

Utaona michoro ya aina nne hivi. Wapo wanaosimamisha globu juu ya betri basi, waya hawajui wauweke wapi. Wapo wanaochora waya kutoka juu ya betri kwenda kwenye kitone cha globu na kuishia hapo, kama bomba linalomwagia maji kwenye ndoo. Wapo wanaounganisha ncha mbili za betri kwa waya halafu globu imekaa juu ya waya kama ndege, hiyo ni shoti. Na wachache wana njia kamili ya kuzunguka. Usisahihishe hata mmoja. Chukua minne iweke ubaoni, piga kura kwa mikono, andika idadi pembeni ya kila mchoro. Zile namba zibaki ubaoni mpaka mwisho.

Dakika 20 zinazofuata: betri moja, globu moja, waya mmoja

Gawa hivyo vitatu tu, globu ikiwa tupu bila kibanio. Tahadhari moja: ukihisi waya au betri inapata joto, achia hapo hapo, umepiga shoti. Kisha nyamaza. Hii ndo sehemu ngumu kwa mwalimu. Watahangaika dakika tano sita, kisha kona moja utasikia yowe, na baada ya hapo yanafuatana.

Kwa betri moja globu ya 2.5V itawaka rangi ya chungwa tu, haifiki mwanga mweupe, kwa hiyo funga mapazia au wakinge kwa mkono. Kundi lililofaulu liambie litafute njia nyingine, maana zipo nne: kitone kwenye chanya na waya kutoka kwenye meno ya skrubu kwenda hasi, kitone kwenye hasi, na mbili hizo hizo ukigeuza globu ilale ubavu meno yake yaguse betri na waya utoke kwenye kitone. Ukipata kundi lenye zote nne, hao wameshaelewa bila wewe kusema kwamba globu ina milango miwili, na kwamba kwa globu ya filamenti haijalishi umeingilia upi.

Mwaka juzi nilikuwa na binti mmoja mkimya, alikuwa anagusa waya kwenye kioo cha globu, anausogeza polepole kushuka chini, kioo, kioo, kisha meno ya skrubu, ikawaka. Akarudisha juu ikazimika. Akashuka tena. Alirudia kama mara sita bila kumwambia mtu, halafu akauliza, "sir, kwani hapa ndani kumeungana wapi?" Hilo swali ndo unalolitaka, kwa hiyo kaa na globu moja iliyoungua mfukoni. Wape waiangalie kwa makini kwenye mwanga wa dirisha, vile vijiti viwili ndani: kimoja kimeshuka mpaka kwenye kitone, cha pili kimeunganishwa na ukuta wa meno, na katikati ya kitone na meno kuna kitu cheusi kisichopitisha. Filamenti ni daraja kati ya vijiti hivyo viwili. Ukiwa umeshalionesha hilo ndo mchore alama za saketi ubaoni. Kuzichora kabla ya hapo ni kuwafundisha maua.

Dakika 25: globu mbili, na ile kura

Sasa toa betri ya pili, globu ya pili na vibanio. Waunganishe kwa mfululizo, chanya ya betri, globu A, globu B, kurudi hasi. Lakini kabla hawajafunga swichi uliza: ipi itawaka zaidi? Piga kura tena. Kwangu wengi huchagua A, "kwa sababu iko karibu". Wengine wenye akili ya kitabuni wanachagua B kwa kuwa wamesikia elektroni zinatoka hasi. Wachache wanasema sawa.

Funga swichi. Zinawaka sawa, zote hafifu. Kutakuwa na kelele, na kutakuwa na kundi moja au mawili yanayosema "yetu haiko sawa, A imezidi". Usiwaambie wamekosea. Waambie wabadilishane globu, ya A iende B. Ikiwa mwanga mkubwa umehama na globu, basi ni tabia ya globu yenyewe, hata za boksi moja zinatofautiana kidogo. Ikiwa mwanga mkubwa umebaki pale pale pa A hata baada ya kubadilisha, hapo kuna waya umegusa mahali unairuka B, na wautafute. Hili jaribio la kubadilishana nafasi ndo silaha kubwa ya somo zima, inatenganisha "mahali" na "kitu". Geuzeni na betri pia, hasi iwe upande wa A. Hakuna kinachobadilika.

Kisha legeza globu moja. Zote zinazimika. Legeza nyingine. Zote zinazimika. Hapo uliza: kama A inakula kwanza halafu inamwachia B, kwa nini kulegeza B kunaizima A? Acha hilo swali likae hewani kidogo.

Maelezo yangu natumia mnyororo wa baiskeli, situmii bomba la maji. Bomba linaleta shida, mtoto anajua bomba likikatwa maji yanamwagika, waya ukikatwa hakumwagiki kitu. Mnyororo ukikanyaga pedeli pingili zote zinaenda kwa pamoja, za mbele na za nyuma, wakati ule ule, ndo maana globu haisubiri. Pingili haziliwi na gurudumu, idadi inayokwenda ndo inayorudi. Kinachotumika ni nguvu ya miguu yako, na mguu wetu hapa ni betri. Mkondo ni ule ule kabla ya A, kati ya A na B, na baada ya B. Nishati ndo inaachwa kwenye globu ikawa mwanga na joto. Ukikata mnyororo popote, baiskeli nzima haiendi. Mfano huu una kikomo, hauoneshi njia panda, kwa hiyo kwa sambamba usiulazimishe.

Ukiwa na multimita moja ndo wakati wake. Waya mwekundu uhamishie kwenye tundu la 10A, ikate saketi sehemu ya kwanza uipachike hapo, wasome, halafu sehemu ya katikati, halafu ya mwisho. Namba ni ile ile, kama 0.2 hivi. Ukitumia tundu dogo la miliampia fyuzi ya ndani inaweza kuondoka. Na usiiguse betri moja kwa moja ikiwa kwenye ampia, hiyo ni shoti kamili.

Dakika chache zilizobaki hapo waunganishe sambamba, kila globu na nyaya zake mbili mpaka kwenye betri. Zinawaka kwa nguvu zote, ukilegeza moja nyingine inaendelea, kama taa za vyumba nyumbani. Hapa betri zilizochoka zitakuumbua. Globu mbili sambamba zinavuta kama 0.6A, betri mbovu inalegea, mwanga wa globu ya kwanza unashuka ukiongeza ya pili, na watoto watasema "wanagawana" na kwa walichokiona wako sahihi. Betri mpya kabisa ziwekee sehemu hii. Wakiuliza hasara ya sambamba iko wapi, waambie betri inaisha upesi zaidi.

Hesabu ya ile siku ya aibu

Sasa toa ile bahasha. Fanya wewe mbele, betri mbili, globu moja ya 2.5V 0.3A na moja ya 6V 0.1A, kwa mfululizo. Ile ya baiskeli itawaka chungwa, ya tochi giza. Wale wa "imekula" watafufuka kwa furaha. Badilisha nafasi. Bado ya baiskeli ndo inawaka, sasa ikiwa ya pili. Kwa hiyo nafasi si sababu, lazima kuna kitu ndani ya globu.

Andika ubaoni:

```
R = V / I
tochi:    2.5 / 0.3 = omu 8 hivi
baiskeli: 6 / 0.1   = omu 60
```

Zikiwa mfululizo mkondo ni mmoja, chini ya 0.1A, unaobanwa na ile ya omu 60. Mkondo huo kwa globu ya tochi ni mdogo mno, filamenti haipati joto la kutosha kutoa mwanga, na kwa kuwa iko baridi ukinzani wake unashuka zaidi hata ya hiyo 8. Karibu volti zote zinaishia kwenye ya baiskeli. Umeme unapita kwenye ile ya giza kama kawaida, ndo maana ukiichomoa na ya baiskeli inazimika. Hilo wathibitishe kwa macho, chomoa.

Halafu ziweke hizo hizo mbili sambamba kwenye betri hizo hizo mbili. Inageuka! Ya tochi inang'aa, ya baiskeli ndo imefifia, maana sasa kila moja ina volti 3 kamili na ya omu 60 inavuta mkondo kidogo. Iliyoshinda kwenye mfululizo imeshindwa kwenye sambamba. Mwanafunzi anayeweza kueleza huo mgeuko kwa maneno yake mwenyewe, huyo mi nampa alama zote bila kumpa mtihani. Usifanye jaribio hili kwa betri tatu kama nilivyofanya, maana mtu akikosea akaiweka globu ya tochi peke yake kwenye 4.5V inawaka nyeupe sana halafu inakatika.

Ikigoma kuwaka

Utaitwa "sir haiwaki" mara thelathini, kwa hiyo wafundishe kutafuta wenyewe. Kitu cha kwanza globu, iguse moja kwa moja kwenye betri nzuri. Ikiwaka, globu na betri ziko sawa, shida iko njiani. Chukua waya mmoja mzuri wa ziada, uutumie kuruka kipande kimoja cha saketi baada ya kingine: ruka swichi, haijawaka, ruka waya wa kwanza, haijawaka, ruka kiungo cha chini ya globu, ikawaka, basi kosa liko hapo hapo uliporuka. Usiruke globu yenyewe ikiwa ni moja tu, hapo unapiga shoti. Makosa niliyokuta mara nyingi ni waya wa vanishi haujakwanguliwa, konokono la chini ya globu limegusa pia meno ya pembeni kwa hiyo umeme unapita bila kwenda kwenye filamenti, na betri mbili zimewekwa chanya kwa chanya. Hiyo ya pili unaitambua kwa joto, globu haiwaki lakini betri inapata uvuguvugu. Hiyo ya tatu hamna joto wala mwanga.

Dakika 20 za mwisho

Rudi kwenye ile michoro minne ya mwanzo, kila kundi liandike kwa nini mitatu haiwaki, sentensi moja kwa kila mchoro. Kisha swali la kuandika peke yake: globu tatu za aina moja ziko mfululizo, ya katikati imeungua, waya mfupi umewekwa kuruka hiyo iliyoungua, nini kitatokea kwa mbili zilizobaki? Jibu zinawaka, tena zaidi kuliko zilivyokuwa tatu. Mtoto akiandika "ya kwanza itawaka kuliko ya mwisho", yule bado yuko pale nilipomkuta asubuhi, kesho namkalisha na betri, globu mbili, na namwambia abadilishane nafasi.

Wakati wanaandika wewe kusanya na uhesabu, globu 24 zirudi 24. Betri zitoe kwenye vibomba vyake na uzifunge kila mbili kwenye gazeti, usizirushe pamoja na nyaya kwenye kopo moja. Nilifanya hivyo mara moja ijumaa, jumatatu nikakuta nyaya zimezipiga shoti wikendi nzima, mbili zimevuja maji yanayonata yakala na pini zangu za swichi.